Saa Moja kwa Kompyuta, Saa Nyingi kwa Watu

Itakapotimia saa 8 usiku jijini London, Jumapili ya 25 Oktoba 2026, saa zitarudishwa nyuma hadi saa 7. Kila mwaka Waingereza huzisogeza mbele mwishoni mwa Machi na kuzirudisha mwishoni mwa Oktoba. Kwa hiyo usiku huo dakika zote sitini kati ya saa 7 na saa 8 zitapita mara mbili. Aliyelala ataongezewa usingizi. Kompyuta inayoandika matukio kwa saa ya ukutani itavurugikiwa.

Tuseme mtu aliyeko London anamtumia ndugu yake wa Mombasa pesa saa 7:40 usiku huo. Nusu saa baadaye anagundua kwamba amekosea namba, anaufuta muamala. Lakini saa zimesharudishwa, na ukutani sasa ni saa 7:10. Kumbukumbu zikipangwa kwa muda, muamala unaonekana ulifutwa kabla haujafanywa. Mhasibu atakayefungua ripoti hiyo Jumatatu atakuta kitu kilichofutwa kabla hakijakuwepo.

Dawa yake ni kuandika kila tukio kwa saa ya dunia, inayojulikana kwa kifupi kama UTC. Saa hii haijui kiangazi wala kipupwe. London huitangulia kwa saa moja wakati wa kiangazi na kulingana nayo wakati wa baridi. Afrika Mashariki huitangulia kwa saa tatu mwaka mzima. Ndani ya hifadhidata, matukio yale mawili yatasomeka hivi:

```
2026-10-25T00:40:00Z  kutuma
2026-10-25T01:10:00Z  kufuta
```

Herufi Z mwishoni inaonyesha kwamba huo ni muda wa UTC. Mpangilio sasa ni sahihi: kutuma kwanza, kufuta baada ya nusu saa. Ubadilishaji unabaki kuwa kazi ya skrini. Mteja wa London ataonyeshwa 01:40 kisha 01:10. Ndugu wa Mombasa ataona 03:40 na 04:10, naye atasema ni saa 9:40 usiku na saa 10:10 alfajiri. Hata hesabu yetu ya saa za Kiswahili ni namna ya kuonyesha tu. Haina haja ya kuingia kwenye hifadhidata.

Ili skrini ijue iongeze saa ngapi, haitoshi kuandika "ongeza moja" kwenye programu. Huandikwa jina la eneo, kama `Europe/London` au `Africa/Nairobi`, na kompyuta hutafuta kanuni za eneo hilo kwenye jedwali la kimataifa ambalo husahihishwa kila serikali zinapobadili saa zao.

Makosa ya aina hii ni mabingwa wa kujificha. Programu iliyoundwa na kujaribiwa London mwezi Januari huonekana salama, kwa kuwa wakati huo saa ya ukutani na UTC ni sawa. Hitilafu hujitokeza mwishoni mwa Machi. Nairobi na Dar es Salaam, ambako saa hazisogezwi, inaweza kukaa miaka hadi apatikane mteja wa ng'ambo. Dalili zake hata hivyo zinatambulika. Miadi ikikosea kwa saa moja kamili baada ya Machi au Oktoba, kuna mahali programu imekariri tofauti ya saa. Ikikosea kwa saa tatu kamili kwa mtumiaji wa Afrika Mashariki, huenda muda umebadilishwa mara mbili, au haukubadilishwa kabisa.

Kanuni hii ina mpaka wake, na Lebanoni iliudhihirisha mwaka 2023. Saa zilipangwa kusogezwa mbele usiku wa kuamkia 26 Machi, lakini tarehe 23 Waziri Mkuu Najib Mikati alitangaza kwamba zingengoja hadi mwisho wa Ramadhani. Kanisa la Wamaroni lilikataa, na kwa siku kadhaa nchi ikawa na saa mbili. Tarehe 27 serikali ilirudi nyuma, na saa zikasogezwa usiku wa kuamkia tarehe 30.

Mgonjwa wa Beirut aliyepangiwa kumwona daktari saa 4 asubuhi ya tarehe 28 angekuwa amehifadhiwa kama 07:00 za UTC, kwa kanuni za awali. Baada ya tangazo, skrini yenye kanuni mpya ingemwonyesha saa 3, ilhali daktari anamtarajia saa 4 ileile.

Kwa hiyo yaliyokwisha kutokea yaandikwe kwa UTC peke yake. Miadi ijayo inayofuata saa ya mahali fulani ihifadhiwe pamoja na saa ya huko na jina la eneo, ili UTC yake ikokotolewe upya kanuni zikibadilika.