Zao Lipi Huyumba Zaidi, Muhogo au Kunde?

Tuseme mkulima wa Muheza ana ekari moja ya muhogo na ekari moja ya kunde, na kila mwaka hupima mavuno yake na kuyaandika daftarini. Kwa miaka mitano muhogo umempa kilo 3,700, 4,500, 3,300, 4,400 na 4,100. Kunde zimempa kilo 320, 400, 140, 360 na 280. Tarakimu nimezitunga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi, lakini swali analojiuliza mkulima huyu ni la kweli: zao lipi haliaminiki?

Ukitazama kilo peke yake utaulaumu muhogo. Kati ya mwaka wake mzuri na mwaka wake mbaya kuna pengo la kilo 1,200, na kunde za mwaka mzuri kuliko yote hazifikii hata nusu ya pengo hilo. Lakini kwa muhogo kilo 100 ni mizizi ya kona moja ya shamba, na kwa kunde ni theluthi ya mavuno ya kawaida. Kilo ileile haina uzito sawa kwa mazao haya mawili.

Mwaka 1896 mtakwimu Mwingereza Karl Pearson alipendekeza njia ya kulitatua hilo: mtawanyiko ugawanywe kwa wastani. Tuanze na kunde. Jumla ya miaka mitano ni kilo 1,500, kwa hiyo wastani ni 300. Sasa tazama kila mwaka uko mbali kiasi gani na 300: 20 juu, 100 juu, 160 chini, 60 juu, 20 chini. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe, ujumlishe, utapata 40,000. Gawanya kwa 4, yaani idadi ya miaka ukitoa mmoja, upate 10,000. Kipeuo chake cha pili ni 100, na huo ndio mkengeuko sanifu wa kunde. Gawanya 100 kwa wastani wa 300: ni asilimia 33.

Kwa njia hiyohiyo muhogo una wastani wa kilo 4,000 na mkengeuko wa 500, yaani asilimia 12.5. Hukumu imegeuka. Kwa kilo, muhogo umetawanyika mara tano zaidi ya kunde, lakini ukilinganisha na mavuno yake wenyewe, kunde ndizo zinazoyumba. Na kwa kuwa kilo zimegawanywa kwa kilo, jibu halibadiliki hata ukipima kwa debe au gunia, mradi kipimo kiwe kilekile miaka yote.

Hapa wengi hufunga daftari, nami nawasihi wasifunge bado. Asilimia hizi zinatenda haki pale tu mtawanyiko unapokua sambamba na wastani: mavuno yakiongezeka maradufu, mtawanyiko nao uongezeke maradufu. Mara nyingi mashambani mtawanyiko hukua polepole kuliko hivyo, na matokeo yake zao la kilo chache hupata asilimia kubwa hata kama halina kasoro yoyote. Jamii ya mikunde imeumia kwa hesabu hii. Mwaka 2018 Moritz Reckling na wenzake walichapisha uchambuzi wa majaribio ya muda mrefu ya kaskazini mwa Ulaya. Waliporekebisha asilimia kulingana na ukubwa wa wastani, mikunde ilionekana kuwa tulivu sawa na mazao mengine yanayopandwa majira ya machipuko, kinyume na sifa mbaya iliyokuwa nayo.

Kwa hiyo 33 ya mkulima wetu inamweleza sawasawa sehemu ya mavuno anayoweza kupoteza. Haimpi ruhusa ya kusema kunde kwa asili yake ni zao kigeugeu.

Tena, miaka mitano ni michache. Funika kwa kidole mwaka wa tatu, ule wa kilo 140, kisha ukokotoe upya. Wastani unapanda hadi 340, mkengeuko unashuka hadi karibu 52, na asilimia inakuwa 15 hivi, jirani kabisa na muhogo. Zaidi ya nusu ya kuyumba kote kwa kunde kulitoka mwaka mmoja! Mwaka huo haufai kufutwa, maana njaa yake ilikuwa ya kweli. Unafaa kuulizwa. Mvua ilikatika kunde zikiwa kwenye maua, wakati muhogo ungeweza kusubiri mvua nyingine? Vidukari viliingia shambani? Au palizi ilichelewa kwa sababu kulikuwa na mgonjwa nyumbani? Asilimia haijui lolote kati ya hayo. Kama mkulima aliandika tarehe za mvua na za palizi pembeni mwa kilo zake, jibu liko kwenye ukurasa uleule.