Miliampea Tisini na Transista Moja Ndogo

Kuna amplifaya inayoimba vizuri ikifunguliwa sauti ya juu, lakini mtangazaji akianza kusoma habari kwa sauti ya chini, maneno yanakwaruza. Mwenye nayo hulaumu spika. Mara nyingi spika ni nzima, na kilichopungua ni mkondo mdogo unaotakiwa kupita kwenye transista za mwisho hata pale ambapo hakuna muziki wowote. Mafundi wanaojua kazi huuwekea kiwango mapema. Kuuweka si kazi ngumu. Ugumu ni kuufanya ubaki palepale joto likipanda.

Kwenye hatua ya mwisho ya amplifaya ya kawaida huwa na transista mbili kubwa. Moja huisukuma spika upande wa chanya, ya pili huivuta upande wa hasi. Transista haiamki mpaka besi yake iwe imeizidi emita kwa takriban volti 0.6, kwa hiyo mawimbi yanapopita kwenye sifuri hutokea kipande ambacho zote mbili zimelala. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu: mmoja akichelewa kidogo kupokea, mdundo unakatika. Sauti kubwa huficha pengo hilo, sauti ndogo haina pa kulifichia.

Dawa ni daraja AB, yaani kuziacha zote mbili zikiwa macho kidogo muda wote. Lakini kidogo kiasi gani? Ukizidisha, pamoja na kupoteza umeme kwa joto, unaleta kasoro nyingine: sauti ndogo inabebwa na transista mbili na sauti kubwa na moja, na nguvu ya kubeba inabadilika katikati ya njia. Bernard Oliver wa Hewlett-Packard alilichambua jambo hili mwaka 1971. Alionyesha kwamba makabidhiano huwa laini zaidi pale kila rezista ya emita inapobeba takriban milivolti 26. Transista halisi ina ukinzani wake wa ndani, kwa hiyo kwa vitendo mtu hushuka kidogo chini ya hapo.

Tuchukue mfano wa jozi inayojulikana sana, 2SC5200 na 2SA1943, ikiendeshwa na transista mbili za kati. Umeme ni volti 35 chanya na 35 hasi, na kila emita ina rezista ya omu 0.22. Tukilenga milivolti 20 kwenye kila rezista, mkondo tulivu ni kama miliampea 90, na kila transista kubwa inatoa joto la wati 3 na kitu bila kupiga wimbo wowote. Hicho ni kiasi kinachovumilika.

Ili kuziamsha transista hizo nne, kati ya besi za juu na za chini panahitajika takriban volti 2.4, yaani mara nne ya volti ya besi na emita. Zamani ziliwekwa diodi kadhaa mfululizo. Siku hizi kazi hiyo hupewa transista moja ndogo, kama BD139, yenye rezista mbili tu. Moja huenda kutoka kolekta hadi besi, nyingine kutoka besi hadi emita. Kwa kuwa transista hiyo huishikilia rezista ya chini kwenye volti yake ya takriban 0.62, mkondo uleule ukipita kwenye rezista ya juu huizidisha volti hiyo:

```
V = Vbe x (1 + R1/R2)
```

R1 ya juu ikiwa omu 1800, na R2 ya chini ikiwa karibu omu 630, jibu ni volti 2.4. Ndiyo maana R2 hugawanywa: omu 470 zisizobadilika, kisha potensiometa ndogo ya omu 500. Mahali pa potensiometa si suala la urembo. Mguso wake hulegea kwa vumbi na miaka, na ukiachia ikiwa upande wa R2, R2 huongezeka, volti hushuka na transista kubwa hulala salama. Ingekuwa upande wa R1, kulegea kungepandisha volti na kuziunguza.

Kuweka kiwango hufanywa bila spika na bila muziki. Unazungusha potensiometa hadi R2 iwe kubwa kabisa, unawasha kupitia balbu ya nyuzi iliyounganishwa mfululizo na umeme, na ikiwa haing'ari sana baada ya sekunde za mwanzo, unaiondoa. Kisha unaweka mita kati ya emita mbili kubwa na kuzungusha polepole hadi isome milivolti 40. Acha ikae dakika ishirini, urekebishe tena.

Sasa ndipo joto linapoingia. Volti ya besi na emita hushuka kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Hitisinki ikipanda nyuzi 30, transista mbili kubwa zinahitaji milivolti 120 pungufu. Ukiendelea kuzipa volti 2.4 zilezile, mkondo unaruka kutoka miliampea 90 hadi kama 240. Mkondo huo unaongeza joto, joto linaongeza mkondo, na kwenye hitisinki ndogo mzunguko huo huishia kwenye fyuzi kukatika au transista kufa.

Kwa hiyo BD139 hufungwa kwenye hitisinki, ili ipate joto na ipunguze volti yenyewe. Wengi huishia hapo, nami naona hapo ndipo hesabu inaanza. Transista hii huzidisha pia kushuka kwake: karibu mara 3.9, yaani milivolti 230 kwa nyuzi 30. Kama transista za kati nazo zimefungwa kwenye hitisinki hiyohiyo, hitaji la zote nne ni milivolti 240, na mambo yanaenda sawa. Lakini kama zimesimama peke yake kwenye bodi na zimepanda nyuzi 10 tu, hitaji ni milivolti 160. Zilizozidi zinaubana mkondo hadi chini ya miliampea 40, na ule mkwaruzo unarudi, safari hii amplifaya ikiwa moto.

Kujua uko upande gani ni rahisi. Piga muziki kwa nguvu nusu saa, kata muziki, usome mita kati ya emita. Sekunde za kwanza huweza kudanganya, kwa sababu kiini cha transista kina joto kuliko bati lake. Baada ya hapo, kama mita inaonyesha milivolti 17 na kupanda taratibu kuelekea 40 kadiri bati linavyopoa, fidia imezidi. Kama inaanza juu ya 40 na kushuka, fidia haitoshi.

Fidia ikizidi, zihamishie transista za kati kwenye hitisinki kubwa. Ikiwa haitoshi, angalia kwanza mika na grisi chini ya BD139, kisha ihamishie juu ya mgongo wa transista kubwa yenyewe, maana huko joto hufika mapema kuliko kwenye aluminiamu. Zipo pia transista kama NJL3281D zenye diodi ya kupima joto ndani ya ganda lilelile. Hizo hufupisha ucheleweshaji, ila transista za kati bado zinahitaji hesabu yao.