Moja au Saba? Hundi Inaposomwa Mara Mbili

Hundi iliyokuwa mbele yangu ilikuwa ya fundi wa samani. Mteja wake alikuwa amemlipa kabati na meza, na kwenye kisanduku cha tarakimu aliandika 145,000/=. Ile moja aliiandika kama wengi wetu tulivyofundishwa shuleni, kwa kichwa kilichoinama kushoto na mguu mrefu wa kulala kidogo. Kwenye karatasi yenyewe ningekuambia ni moja bila kusita. Kwenye picha, kivuli kilipita juu yake, kile kichwa kikanenepa, na kompyuta ikasoma 745,000.

Siku hizi karatasi ya hundi haisafiri. Kenya, kwa mfano, tangu mwaka 2011 hundi hubaki kwenye benki ilikowekwa, na kinachopelekwa kwenye benki ya mlipaji ni picha na taarifa zake. Na ziko benki zinazomruhusu mteja kuipiga picha hundi kwa simu yake akiwa nyumbani. Iwe ni simu au skana ya tawini, lazima kitu fulani kiisome picha hiyo na kusema ni shilingi ngapi. Kitu hicho ni programu, na programu hukosea. Bahati nzuri, hundi hubeba kiasi kilekile mara mbili: mara moja kwa tarakimu, mara moja kwa maneno. Zamani sababu ilikuwa kumzuia mwizi asiongeze sifuri. Leo uandishi huo wa mara mbili umekuwa pia njia bora ya kuinasa mashine inaposoma vibaya.

Turudi kwa fundi. Programu nzuri haitoi jibu moja kwa kila alama. Hutoa majibu kadhaa na kila jibu hulipa uzito. Tuseme kwa alama ya kwanza ilisema: saba, 60 kwa 100, moja, 35 kwa 100. Ingeachwa hapo, fundi angewekewa laki sita zaidi ya haki yake, na mteja wake angekatwa fedha asizodaiwa.

Kwenye mstari wa maneno mteja aliandika: “Laki moja na arobaini na tano elfu tu.” Kuusoma mwandiko wa mkono ni kazi ngumu kwa kompyuta, maana herufi zinashikana. Lakini kwenye hundi kazi hiyo hurahisishwa na jambo moja: maneno yanayoweza kutokea ni machache sana. Kuanzia moja hadi tisa, kumi, ishirini hadi tisini, kisha mia, elfu, laki na milioni. Ukiongeza na, tu, shilingi na senti, hayafiki thelathini. Kwa hiyo mashine hailazimiki kusoma herufi moja moja. Hulitazama neno zima, umbo lake, palipopanda na paliposhuka, na kuuliza: kati ya haya machache, ni lipi linalofanana nalo zaidi?

Moja na saba zote zina herufi nne na zote huishia kwa a. Lakini moja ina j, ambayo mkia wake unashuka chini ya mstari, na saba ina b, ambayo inapanda juu. Hata picha iwe hafifu, mkia unaoning’inia chini ya mstari huonekana. Programu ikasema: moja, 90 kwa 100, saba, 4 kwa 100.

Sasa zidisha. Saba ina 60 upande wa tarakimu na 4 upande wa maneno, inapata 240. Moja ina 35 na 90, inapata 3,150. Moja imeshinda kwa zaidi ya mara kumi na tatu, ingawa kwenye tarakimu peke yake ilishindwa. Fundi alipata 145,000 zake.

Siri ya njia hii ni kwamba tarakimu na maneno hukosewa kwa namna tofauti. Tarakimu huchanganya moja na saba, nne na tisa, sifuri na sita. Nukta ikipotea kwenye picha, 14,500.00 hugeuka milioni moja na laki nne na nusu. Na ule mkwaju wa “/=” tunaoupenda Afrika Mashariki ni mtego mkubwa kwa programu iliyofunzwa ughaibuni: huuona ni moja nyingine, kiasi kikaruka mara kumi. Maneno hayajui makosa hayo. Neno elfu halikui mara kumi kwa sababu ya mkwaju. Maneno yana udhaifu wao wenyewe: sitini na tisini zina herufi zilezile, ila s na t zimebadilishana nafasi. Mwandiko wa haraka huzifanya mapacha, lakini tarakimu 6 na 9 hazina shida ya kutofautishwa. Pale upande mmoja unapoteleza, mwingine umesimama imara.

Si mara zote, hata hivyo. Tarakimu 3 na 8 hukosewa sana, hasa mkono wa 3 ukikaribia kufunga. Na kwa Kiswahili, bahati mbaya, maneno yake ya makumi nayo yanafanana: thelathini na themanini. Yote ni marefu, yote huanza na the na kuishia na ini. Kinachoyatofautisha ni katikati: thelathini inapanda tena kwa l, t na h, ilhali themanini inatambaa chini hadi mwisho. Hundi ikikunjwa katikati ya neno hilo, au picha ikitikisika, pande zote mbili zinaweza kusema 30,000 kwa hundi ya 80,000, na zitakubaliana. Makubaliano ya namna hiyo hayana thamani. Anayeitengeneza programu ya hundi za Kiswahili lazima alijue hili na aweke alama ya kupeleka jozi hiyo kwa macho ya mtu, hata pale mashine inapojiona ina uhakika.

Kuna jambo jingine ambalo lugha yetu inalileta, na programu za kigeni hazikuliwazia. “Elfu kumi na tano” ni shilingi ngapi? Sokoni kila mtu atakujibu kumi na tano elfu. Lakini maneno hayohayo, kisarufi, yanaweza kuwa elfu kumi na juu yake tano: 10,005. “Elfu mia mbili na hamsini” inaweza kuwa 250,000 au 200,050. Programu inayochagua jibu moja na kutupa la pili itatangaza kwamba hundi haina ulinganifu, kumbe mwandikaji hakukosea kitu. Inayojua Kiswahili huyashika majibu yote mawili, kisha huzitazama tarakimu: kisanduku kikisema 15,000, jibu la kwanza ndilo, na safari imekwisha. Hapa tarakimu ndizo zinazoyaokoa maneno.

Nimekuwa nikisema programu inakisia na kupima. Lakini ubora wake haupimwi kwa hundi ilizosoma sawa tu. Hupimwa pia kwa zile iliyokubali kuziacha. Mwaka 1998 Yann LeCun na wenzake walichapisha maelezo ya mfumo wao wa kusoma kiasi kilichoandikwa kwa tarakimu kwenye hundi za Marekani, mfumo uliokuwa umeanza kutumika mwaka 1996. Kwenye majaribio yao ya hundi za kampuni zilizochapwa kwa mashine, ulisoma sawa 82 katika kila 100, ukakosea 1, na 17 ukazirudisha kwa watu. Benki ilikuwa imesema mfumo utailipa gharama zake ukiweza kusoma nusu ya hundi kwa makosa chini ya 1 kwa 100. Nusu tu! Benki ilijua kwamba hundi inayorudishwa kwa karani inagharimu sekunde chache, lakini hundi iliyosomwa vibaya inagharimu simu, barua, na mteja aliyeingia tawini akiwa amekasirika.

Sasa nifike kwenye kosa ninaloliogopa kuliko yote. Mtu aliyeona jinsi maneno yalivyoziokoa tarakimu za fundi anaweza kushawishika kuifunza programu izilazimishe pande mbili zikubaliane kila mara. Afanye hivyo, atakuwa amemfungulia mwizi mlango. Fikiria hundi ya “Nne elfu na mia tano tu”, na mtu akachomeka 1 mbele ya tarakimu ikawa 14,500. Tarakimu zinasomeka wazi, maneno nayo yanasomeka wazi, na hayakubaliani. Programu inayotafuta amani itajifanya haikuona. Programu ya haki husoma kila upande peke yake hadi mwisho, ndipo huvilinganisha. Upande mmoja ukiwa dhaifu na mwingine imara, hilo ni kosa la kusoma, na imara humrekebisha dhaifu. Pande zote mbili zikiwa imara na zikatofautiana, kosa haliko kwenye macho ya mashine. Liko kwenye hundi.

Hundi ya namna hiyo si ya programu kuamua. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882, ambayo Kenya na Tanzania zilirithi msingi wake, inasema maneno na tarakimu vikitofautiana, kiasi cha kulipwa ni kile cha maneno. Hata hivyo benki nyingi huirudisha hundi kwa mwandikaji kuliko kubahatisha, na mimi naona wanafanya vema.

Jambo hilohilo linahusu kiasi ambacho mteja anakiandika mwenyewe kwenye simu anapopiga picha. Wapo wanaoipa programu kiasi hicho mapema, eti kiisaidie kusoma. Ukimwambia mtu “soma hapa pameandikwa 745,000”, ataona 745,000. Mashine nayo ni hivyohivyo. Kiasi cha mteja kitunzwe pembeni mpaka tarakimu na maneno vimekwisha kusomwa, kisha kiingie kama shahidi wa tatu. Makarani wa zamani walilijua hili: hundi kubwa iliingizwa na watu wawili, na wa pili hakuruhusiwa kuona alichoandika wa kwanza.

Nawe msomaji, ukiandika hundi kwa Kiswahili, tanguliza idadi na umalizie na elfu: “kumi na tano elfu”, si “elfu kumi na tano”. Anza kuandika ukutani kabisa mwa kisanduku ili asibaki mtu na nafasi ya kuchomeka kitu. Moja iwe mstari mmoja ulionyooka, na saba ikatwe katikati. Ukipiga picha, iweke hundi bapa, penye mwanga, simu isiitie kivuli. Na karani akikupigia kukuuliza uliandika laki moja au laki saba, mjibu kwa upole. Mashine imekubali kwamba haijui, na fedha inayolindwa ni yako.