Usihesabu mayai, tazama mwiko: siri ya krimu pafu zinazofura

Ijumaa moja usiku, saa nne hivi, nilikuwa jikoni kwetu Ongata Rongai nikitazama trei ya vitu thelathini bapa kama chapati za maji. Vilipaswa kuwa krimu pafu. Mteja alikuwa ameagiza 60 za sherehe ya ruracio, akalipa nusu, na angekuja kuzichukua Jumamosi saa nne asubuhi. Siagi ilikuwa imebaki ya kupima. Mayai nayo yalibaki manne.

Nilimpigia simu mwalimu aliyenifunza kuoka. Nilijua ni usiku, lakini ningefanyaje?

“Shikamoo, Mwalimu. Samahani kwa kukusumbua. Pafu zangu zimelala.”

“Marahaba. Mayai ulitia mangapi?”

“Manne, kama resipi inavyosema.”

“Na nani alikuambia kinyunga kinajua kuhesabu?”

Niliyojifunza usiku huo ndiyo ninayokuandikia hapa, maana najua wengi wenu mnaojaribu kuuza keki mtandaoni mmewahi kuikimbia krimu pafu baada ya kulala mara moja au mbili.

Kinyunga chenyewe huitwa shuu. Ni neno la Kifaransa linalomaanisha kabichi, kwa sababu kikiiva hufanana na kabichi ndogo. Ndicho hutengeneza krimu pafu na ekleri, ile ndefu yenye chokoleti juu. Ajabu yake ni kwamba hakina hamira wala bekin pauda. Kinachokifurisha ni maji tu. Umeona chapati ikiwa kwenye kikaango, inavyovimba katikati kama puto ukiigeuza? Huo ni mvuke unaotafuta njia ya kutoka. Shuu hufanya hivyohivyo, ila ukuta wake hukauka ukiwa umevimba, ndiyo maana ndani hubaki tundu la kujaza krimu.

Ili hilo litokee, kinyunga lazima kiwe na mambo mawili yanayovutana. Kiwe na maji mengi ya kutoa mvuke, na wakati huohuo kiwe kigumu kiasi cha kusimama kwenye trei bila kutambaa. Yai ndilo hupatanisha hayo mawili. Linaleta maji, linalainisha kinyunga ili kiweze kutanuka, kisha joto la oveni likilishika linakuwa gumu na kushikilia ukuta. Likiwa kidogo, ukuta ni mzito na mvuke hauwezi kuusukuma. Likizidi, kinyunga kinatambaa kabla hakijaanza kupanda. Cha kwangu kilikuwa kimetambaa.

Kipimo changu ni hiki: maji mililita 250, siagi gramu 100, unga wa ngano gramu 150 na chumvi nusu kijiko cha chai. Kinatoa kama vipande thelathini. Unachemsha maji, siagi na chumvi hadi siagi yote iyeyuke na maji yatokote sawasawa. Unga unaingia wote kwa mpigo mmoja, si kidogokidogo, nawe unasonga kwa mwiko kama mtu wa ugali. Baada ya sekunde chache unapata donge moja.

Hapa ndipo kosa langu la kwanza lilikuwa. Nilipoona donge limeshikana nilizima moto, nikadhani kazi imeisha. Kumbe donge linahitaji kukaushwa. Unaliacha kwenye moto wa wastani dakika mbili hivi ukiligeuzageuza, mpaka utando mwembamba ushike chini ya sufuria na donge liache kung’ang’ania kingo. Wakati huo wanga wa unga unafyonza maji na kuvimba, na maji ya ziada yanapaa kama mvuke. Yale yanayopaa ndiyo yanayoacha nafasi ya yai. Usipoyaondoa, yai linakuta nyumba imejaa.

Sasa fikiria. Moto wangu si moto wako. Sufuria yangu ni pana, yako ni nyembamba. Unga wa pakiti moja unafyonza maji kuliko wa pakiti nyingine. Kwa hiyo kiasi cha maji kilichobaki kwenye donge hakiwezi kufanana, na resipi iliyoandikwa na mtu wa mbali haiwezi kujua kilichotokea jikoni kwako. Inakupa idadi ya mayai ya kuanzia. Idadi ya kumalizia unaitafuta mwenyewe.

Ndiyo sababu mayai hupigwa kwanza kwenye jagi, yakawa kitu kimoja. Ukiyapasua moja baada ya jingine moja kwa moja kwenye sufuria, huwezi kutia nusu yai. Ukiyapiga, unaweza kutia hata kijiko kimoja.

Kabla ya yai, donge lipoe. Mimi hulihamishia kwenye bakuli na kuligeuza mpaka niweze kuligusa kwa kidole bila kuruka. Likiwa la moto sana yai litaanza kuiva humohumo bakulini, na yai lililokwisha kuiva halina nguvu tena ya kushika ukuta ndani ya oveni. Hilo lilikuwa kosa langu la pili. Niliona vijipande vyeupe kwenye kinyunga nikajifanya sijaviona.

Halafu unamimina kama robo ya yai lililopigwa na kuanza kusonga. Usishtuke. Kinyunga kitakatika vipande vinavyoteleza, kama kimekataa kabisa. Watu wengi hapo hutupa, au huogopa na kumimina yai lote ili lisaidie. Endelea kusonga tu. Baada ya dakika moja hivi vipande vinaanza kunata, kisha vinarudi kuwa kitu kimoja. Kiini cha yai husaidia mafuta ya siagi kushikana na maji, lakini kinahitaji muda na mkono wako. Kikisharudi pamoja, tia robo nyingine. Kitakatika tena, kitarudi tena. Ukimimina lote kwa mpigo, vipande vinaogelea, na hutajua ni wapi ulipaswa kusimama.

Baada ya nusu ya yai kuingia, punguza mwendo. Tia kijiko kimoja au viwili, songa, kisha inua mwiko juu ya bakuli na utazame. Kinyunga kikining’inia kama bonge lisiloanguka, bado. Kikianguka polepole kwa uzito wake na kuacha mwikoni ncha laini ya pembe tatu, simama hapo hapo. Unaweza pia kupitisha kidole katikati ya kinyunga: mfereji ukijifunga taratibu ni sawa, usipojifunga bado kigumu, na ukijifunga papo hapo ujue umepitiliza.

Ukishapitiliza, usiongeze unga mbichi. Unga huo haujapikwa na maji, kwa hiyo hautafyonza kama ule wa kwanza, na pafu zitakuwa nzito. Dawa ni kupika donge jingine dogo lisilo na yai na kulichanganya kidogokidogo hadi ugumu urudi. Mimi nilikuwa nimeshachelewa. Zangu zilikuwa zimeoka zikiwa bapa.

Basi usiku ule nilianza upya. Safari hii nilipima kila kitu kwa mizani. Yale mayai manne ya dukani yalikuwa makubwa, na bila maganda yalikuwa gramu 240. Bila shaka yale manne ya kwanza yalikuwa karibu hivyohivyo, nami niliyamwaga yote kwenye donge ambalo halikukauka. Sasa nilikausha dakika mbili kamili, nikapoza, nikaanza kumimina kidogokidogo. Mwiko uliponionyesha ile pembe tatu, jagi lilikuwa bado na gramu 35. Yaani kinyunga kilitaka gramu 205 tu. Yaliyobaki niliyapaka juu ya pafu ili zing’ae.

Trei ya pili ilikuwa na mtihani wake. Mayai ya dukani yalikuwa yameisha na maduka yamefungwa, ikabidi nichukue ya kuku wa kienyeji wa mama. Ni madogo. Manne bila maganda yalikuwa gramu 160. Niliyatia yote na kinyunga bado kikaning’inia kwenye mwiko kama kimegandishwa. Nikapasua la tano, nikalipiga, na likaingia karibu lote kabla ya ile pembe kutokea. Jiko lilelile, unga uleule, mkono uleule: mara moja mayai manne yalibaki, mara nyingine hayakutosha. Kama ningefuata “mayai manne” ningekosea mara zote mbili, moja kwa kuzidisha na moja kwa kupunguza.

Ndani ya oveni subira ndiyo kazi. Nilikamua vijidonge vya upana wa sentimita nne, nikaviachia nafasi, nikaoka kwa nyuzi 200 dakika 25 bila kufungua mlango. Dakika za kwanza hakuna kinachoonekana, kisha zinaanza kupanda kwa pamoja. Ukifungua wakati huo ukuta bado ni laini, mvuke unapoa, nazo zinanywea mbele ya macho yako. Rangi ya dhahabu juu haitoshi. Tazama kwenye nyufa: zikiwa bado nyeupe, ndani ni mbichi. Baada ya hapo nilishusha moto hadi nyuzi 170 kwa dakika 10, nikatoboa kila moja pembeni kwa kisu chembamba ili mvuke utoke, nikazirudisha zikauke kidogo mlango ukiwa wazi nusu. Oveni zinatofautiana, kwa hiyo amini nyufa kuliko saa.

Saa nane za usiku nilikata moja. Katikati palikuwa wazi, ukuta mwembamba, nyuzi chache tu za kinyunga laini ndani. Nilizihesabu zote mara mbili: trei ya kwanza 31, ya pili 29. Ile niliyokata nikaila bila krimu, nikiwa nimesimama.

Mteja alipokea 59. Nilimweleza ukweli kuhusu moja iliyopungua, akacheka na kumaliza kulipa. Zile thelathini bapa? Mama alizipaka jemu na kuzinywea chai asubuhi. Aliniambia ni chapati tamu sana, ila nisimwambie mtu jina lake.