Uzi, mpira na uzito mara sita

Mwaka 1659 mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens aliandika kwa Kilatini risala fupi kuhusu vitu vinavyozunguka. Ilikuja kuchapwa mwaka 1703, miaka minane baada ya kifo chake. Ndani yake mna dai ambalo msomaji wa mara ya kwanza hulitilia shaka: mpira uliofungwa kwenye uzi hauwezi kuzunguka duara la wima, ukapanda hadi juu kabisa na kushukia upande wa pili, ila kama uzi huo unaweza kubeba uzito wa mpira mara sita. Haijalishi uzi ni mfupi au mrefu, wala mpira ni mdogo au mkubwa. Ni mara sita tu.

Tuitafute sita hiyo kwa mfano wenye vipimo. Piga msumari ukutani, uning'inize mpira wa gramu 200 kwa uzi wa sentimita 80, ukipima kuanzia msumari hadi katikati ya mpira. Uzi uwe na kitanzi kipana kinachozunguka msumari bila kukwama, kwa sababu ukijiviringa utafupika kila mzunguko na hesabu yote itaharibika. Sasa upige mpira mara moja kwa upande, kisha usiuguse tena.

Kitu chochote kikiachwa huru hufuata mstari mnyoofu. Ili kizunguke, lazima kani fulani ikivute kuelekea katikati ya duara bila kukoma. Ukubwa wa kani hiyo ni mv²/r, yaani tungamo la mpira mara kasi yake ikijizidisha, kisha ugawe kwa urefu wa uzi. Kasi ikiongezeka maradufu, kani inayohitajika huwa mara nne.

Mpira ukifika juu kabisa, katikati ya duara iko chini yake. Vitu viwili vinauvuta kwenda huko: uzi na uzito wa mpira wenyewe. Mpira ukipita hapo kwa kasi kubwa, uzito peke yake hautoshi kuugeuza, kwa hiyo uzi hukaza na kusaidia. Kasi ikipungua, msaada wa uzi nao hupungua, mpaka kufikia mahali ambapo mvutano wa uzi ni sifuri na uzito unafanya kazi yote ya kuupinda mwendo wa mpira. Watu wengi hudhani mvutano ukiisha mpira lazima udondoke. La, mpira bado uko kwenye duara, ukigeuzwa na uzito wake tu. Hapo mg inalingana na mv²/r, na kasi tunayoipata ni hii:

v = √(gr)

Tungamo limejifuta lenyewe, kwa hiyo mpira wa gramu 200 na jiwe la kilo mbili vinahitaji kasi ileile. Kwa uzi wetu, g ikiwa 9.8 na r ikiwa 0.8, jibu ni mita 2.8 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ndogo kabisa inayokubalika juu.

Hapa ndipo mwanafunzi anapoteleza. Anakumbuka kwamba mpira unapopanda hupoteza nishati ya mwendo, anajiuliza ni kasi gani ya chini inayotosha kuufikisha juu, na kwa kuwa anatafuta kasi ndogo kabisa, anaweka kasi ya juu kuwa sifuri. Anapata mita 5.6 kwa sekunde chini. Jibu hilo ni sahihi kabisa kwa mpira uliofungwa kwenye fimbo nyepesi ngumu, kwa sababu fimbo inaweza kuusukuma mpira kwenda juu na kuuzuia usianguke. Uzi hausukumi. Uzi hujua kuvuta tu.

Mpige mpira wetu kwa mita 5.6 uone. Utapanda vizuri, upite usawa wa msumari, halafu ukiwa kama mita 1.33 juu ya pale ulipoanzia, yaani sentimita 27 hivi kabla ya kilele, uzi utalegea. Bado mpira una kasi ya takriban mita 2.3 kwa sekunde, ila kasi hiyo ni ndogo mno kwa duara lile: uzito unaupinda mwendo kwa ukali kuliko duara linavyotaka. Tangu hapo mpira huruka kama jiwe lililorushwa, ukikatiza ndani ya duara, mpaka uzi ukaze tena kwa mshtuko. Ukirekodi kwa simu yenye uwezo wa picha za mwendo wa polepole, dalili inaonekana wazi: uzi uliokuwa umenyooka unaanza kujikunja kabla mpira haujafika kileleni.

Kwa hiyo kasi ya chini lazima ihesabiwe kwa kuanzia na ile mita 2.8 ya juu. Kutoka juu hadi chini mpira hushuka vipimo viwili vya urefu wa uzi, na mshuko huo huongeza 4gr kwenye v². Juu tulikuwa na gr, basi chini tunapata 5gr. Kipeuo cha pili chake ni kama mita 6.26 kwa sekunde.

Sasa tutazame chini. Katikati ya duara iko juu ya mpira, lakini uzito unavuta upande wa pili. Uzi una kazi mbili kwa wakati mmoja: kuubeba uzito, na kuugeuza mpira urudi juu. Kuugeuza kunadai mv²/r, na kwa kuwa v² ni 5gr, hiyo ni 5mg, au uzito mara tano. Ongeza uzito mmoja wa kubeba. Ndiyo sita ya Huygens. Urefu wa uzi ulioingia kwenye kasi umekatwa na urefu uleule kwenye mgawanyo, na ndiyo maana hauonekani katika jibu. Mpira wetu una uzito wa nyutoni 1.96, hivyo mvutano wa chini ni karibu nyutoni 11.8, sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 1.2 uliotulia.

Ukiupiga mpira kwa nguvu zaidi, mvutano utapanda juu na chini pia, lakini tofauti kati ya sehemu hizo mbili itabaki uzito mara sita daima. Mimi naliona hili kuwa zuri kuliko hata dai lenyewe la Huygens.

Anayezungusha mpira kwa mkono hatahisi sita hiyo. Mkono hausimami kama msumari. Husogea kidogo, ukiuvuta mpira unapopanda na kuuzuia unaposhuka. Kama ungeweza kuushika mwendo usibadilike kabisa, wa mita 2.8 kwa sekunde mzunguko mzima, uzi ungebeba chini uzito mara mbili tu.

Turudi kwenye msumari, na tuseme uzi wetu hukatika ukifikia nyutoni 10, yaani unabeba kilo moja iliyotulia bila shida. Mpira umepita kileleni kwa kasi ndogo kabisa na sasa unashuka. Ukifika usawa wa msumari, mvutano tayari ni uzito mara tatu, karibu nyutoni 6. Nyutoni 10 zinafikiwa uzi ukiwa umebakiza nyuzi 45 hivi kufika wima, na hapo unakatika. Mpira hauruki kwenda nje ukiambaa na mstari wa uzi, bali unaendelea upande uliokuwa ukielekea dakika ileile: mbele na chini kwa mshazari, kwa kasi ya karibu mita 5.9 kwa sekunde. Anayetazama asimame pembeni, mbali na ubapa wa duara.