RAPOTI YA KWANZA: NINI, LINI, WAPI, NANI, NAMNA GANI



Sisi makapita wa internati tunapokea karatasi zinazoandikwa mbio-mbio juu ya mambo yaliyotokea usiku. Asubui lazima tuzipeleke kwa Bwana Prefe. Nyingi hazisaidii kitu, na si kwa sababu ya Kiswahili kibaya. Mwandishi amekwisha kukata hukumu mbele ya kueleza habari.

Tuchukue mfano tuliotunga wenyewe, maana hatutaki kugusa mtu. Kapita mmoja anaandika: « Jana usiku mtoto wa darasa la tatu aliiba unga katika depo. Tunajua ni yeye juu ya tabia yake. » Basi, ni hayo tu. Kwa maneno hayo mafupi mtoto anaweza kufukuzwa masomo. Lakini unga kiasi gani? Saa ngapi? Nani alimwona? Karatasi iko kimya.

Tuanze na NINI. Andika kile macho yaliona: kufuli imevunjika, na mfuko mmoja wa unga wa mahindi, kilo 25, haupo pahali pake. Usiandike « umeibiwa ». Neno hilo ni hukumu tayari. « Haupo » inatosha.

LINI inataka saa mbili, si moja: saa ya mwisho ambapo kitu kilionekana kizima, na saa kilipokutwa kimeharibika. Mpishi alifunga depo jioni, akakuta kufuli chini asubui. Jambo lilitokea katikati, na kama hakuna aliyeona, usibuni « usiku wa manane ». Tena angalieni hesabu ya saa. Saa moja ya jioni kwetu ni 19 h 00 ku saa ya mkono, na mwalimu anayesoma « saa moja » anaweza kufikiri 13 h 00. Andika kwa tarakimu, namna ya saa ya mkono, na tarehe kamili.

WAPI haina mambo mengi. Mgeni mwenye taa aweze kufika pale bila kuuliza mtu. « Ku depo » haitoshi kama depo iko na milango mbili.

NANI ndiyo inaleta taabu, kwa sababu kila mtu anafikiri inauliza mkosaji. Hapana! Inauliza kwanza nani alifunga, nani alikuta, nani alikuwa karibu, nani anaandika. Kama mwenzako anasema aliona mtu, andika kile alichoona tu, na useme ni yeye aliyesema. Shati ni shati, si jina. Kama mkosaji hajulikani, andika « hajulikani ». Neno hilo si aibu.

NAMNA GANI ni alama zilizobaki: chuma, nyayo, unga uliomwagika. Ziache pale mpaka mkubwa wa disiplini azione. « Kwa nini » hatukuiweka, maana siku ya kwanza jibu lake ni mawazo tu. Itakuja katika ulizo la wakubwa.

Basi rapoti yetu inakuwa hivi:

« Siku ya ine, tarehe 12 Machi 2026, saa 5 h 15, mpishi alikuta kufuli ya mlango wa nyuma wa depo, upande wa migomba, imevunjika. Mfuko mmoja wa unga wa mahindi, kilo 25, haupo. Mpishi asema alifunga mlango huo jana saa 18 h 30, na mifuko yote ilikuwamo. Chuma kirefu kama mkono kiko chini karibu na mlango. Unga umemwagika toka mlangoni mpaka njia ya bomba. Mwanafunzi mmoja wa darasa la ine asema aliona mtu mwenye shati jeupe karibu na bomba saa 21 h 00, uso hakuuona. Aliyefanya hajulikani. Hatukugusa kitu. Imeandikwa saa 5 h 50 na kapita wa nyumba ya pili. »

Sasa, tuseme saa 8 h 00 msaidizi wa jikoni anafika na kueleza kwamba alikosa ufunguo, akavunja kufuli mwenyewe na kuhamisha mfuko sababu ya panya. Rapoti hii inabaki ya kweli, mustari kwa mustari. Ile ingine ilikuwa imekwisha kumtaja mtoto wa watu kuwa mwizi.

Habari mpya ikifika hivyo, usipasue karatasi ya kwanza wala kufuta ndani yake. Andika ya pili, na saa yake. Na mbele ya kutoa ya kwanza, umsomee mwenzako ambaye hakuwako. Akiuliza « wapi? » ao « nani alisema? », tundu liko pale pale. Mashahidi nao waulizwe mmoja mmoja, mbele ya kukutana ku chai, kwa maana wakikwisha kuzungumza pamoja, wote wataona shati moja.