Kilo 6 za gesi, kilo 18 za hewa ukaa

Mtungi mdogo wa gesi ya kupikia, ule wa kilo 6 uliozoeleka Tanzania na Kenya, mpaka uishe huwa umetoa takriban kilo 18 za hewa ukaa na karibu kilo 10 za maji. Maji hayo hutoka yakiwa mvuke, ndiyo maana sufuria ya baridi ikiinjikwa tu hutokwa jasho kitakoni. Jumla ni kilo 28 kutoka mtungi uliokuwa na kilo 6. Nyongeza yote imechotwa hewani, na kiasi chake kinajulikana bila mizani, kwa kusawazisha mlinganyo mmoja wa kikemia.

Gesi hiyo aghalabu ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani inatosha kwa kuanzia. Molekuli yake moja ina atomi 3 za kaboni na 8 za haidrojeni. Ikiungua vizuri huungana na oksijeni, ambayo hewani huenda atomi mbilimbili, na kutoa hewa ukaa na maji:

C₃H₈ + O₂ → CO₂ + H₂O

Vilivyoingia na vilivyotoka vimetajwa, lakini hesabu haikubali. Kushoto kuna kaboni 3, kulia 1. Haidrojeni ni 8 kushoto na 2 kulia. Moto hauumbi atomi wala hauzifuti; huzitenganisha na kuziunganisha upya. Mfaransa Antoine Lavoisier alikwisha kulieleza hilo kwa lugha ya uzito katika kitabu chake cha mwaka 1789: kilichokuwapo kabla ya badiliko ndicho kilichopo baada yake.

Mwanafunzi mwenye haraka hukimbilia kubadilisha zile namba ndogo za chini. Akiona oksijeni zimepungua, anaandika H₂O₂ mahali pa H₂O. Hesabu inaweza kutimia, ila hayo si maji tena. Ni haidrojeni peroksidi, ambayo hutumika kung'arisha nywele. Namba ndogo hueleza kitu chenyewe ni nini, kwa hiyo haziguswi. Kinachoruhusiwa ni kuweka namba kubwa mbele ya fomula, yaani kizidishi, ambacho husema molekuli za aina hiyo ni ngapi.

Kaboni 3 za kushoto zinahitaji molekuli 3 za CO₂. Haidrojeni 8, zikigawanywa mbilimbili, zinatosha molekuli 4 za maji. Oksijeni huachwa mwisho kwa sababu kushoto inasimama peke yake, na kizidishi chake hakivurugi atomi nyingine. Kulia sasa kuna oksijeni 6 ndani ya 3CO₂ na 4 ndani ya 4H₂O, jumla 10. Kwa kuwa zinakuja mbilimbili, zinahitajika molekuli 5:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Butani, C₄H₁₀, ina ukorofi kidogo. Inatoa 4CO₂ na 5H₂O, zenye oksijeni 13, namba isiyogawanyika kwa mbili. Mtu hujikuta na O₂ sita na nusu. Dawa yake ni kuzidisha kila kizidishi kwa mbili: 2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O.

Ile 5 mbele ya oksijeni haimaanishi kilo 5. Inahesabu molekuli: kwa kila moja ya propani, tano za oksijeni. Amedeo Avogadro alipendekeza mwaka 1811 kwamba gesi zenye ujazo, joto na kanieneo sawa huwa na molekuli sawa kwa idadi, hivyo lita 1 ya propani huhitaji lita 5 za oksijeni. Oksijeni ni kama sehemu moja ya tano ya hewa, kwa hiyo jiko linahitaji takriban lita 24 za hewa.

Ukitakiwa uzito, kila kizidishi huzidishwa na uzito wa molekuli yake. Propani ni 44, oksijeni 5 × 32 ni 160. Upande wa pili hewa ukaa ni 3 × 44, yaani 132, na maji 4 × 18, yaani 72. Pande zote zinafika 204. Hewa ukaa ni mara tatu ya propani, na kilo 6 zake humeza karibu kilo 22 za oksijeni.

Hata hivyo mlinganyo uliosawazika hautoi hakikisho kwamba ndicho kinachotokea jikoni. Mahali hewa ni haba, propani inaweza kuungua hivi:

2C₃H₈ + 7O₂ → 6CO + 8H₂O

Atomi zinalingana hapa pia: kaboni 6, haidrojeni 16 na oksijeni 14 kila upande. Lakini kila molekuli ya propani imepata oksijeni tatu na nusu tu badala ya tano, na kinachotoka ni kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Dalili ya kuona ni mwali kugeuka wa njano na masizi kushika kitako cha sufuria, kwa kuwa sehemu nyingine ya kaboni hukosa oksijeni kabisa. Hapo hufunguliwa dirisha, na matundu ya kichomeo huzibuliwa.